Je, wajua? Uso wa mtoto uliotoka giza kwenye picha mara nyingi bado umo

"Nilimpiga mwanangu picha akiwa amesimama mlangoni, nyuma yake uani jua linawaka. Uso umetoka giza tupu. Nikiongeza mwanga, picha nzima inapauka. Nifanyeje uso uonekane bila kuharibu vingine?"

Pandisha vivuli nusu ya safari tu, malizia uso peke yake kwa brashi, kisha rudisha weusi wa nywele. Ukitaka kitelezi kimoja kifanye kazi yote hiyo, ndipo picha inapopauka.

Kamera haijui kwamba umekusudia uso. Inapima mwanga wa eneo lote, inatafuta wastani, na ua unaowaka jua unapojaza nusu ya picha wastani huo unavutwa juu. Kamera inapunguza mwanga ili ua usiungue, na mtoto aliye kivulini anazama. Kuzama huko kuna nafuu yake. Sehemu iliyoungua imefika 255, kikomo cha juu cha picha ya JPEG, na hapo hakuna kilichoandikwa zaidi ya weupe mtupu. Lakini uso wenye giza haujafika sifuri. Tofauti kati ya shavu na pua bado imeandikwa, ila imebanwa chini kabisa ambako macho hayaitambui.

Tuchukue picha ya namna hiyo na kuifanyia kazi kwenye GIMP, programu ya bure ya kompyuta. Picha ina upana wa piseli 4000, na uso wa mtoto piseli 500 hivi. Kabla ya kugusa chochote, chukua Color Picker, washa Sample average ili isome wastani wa eneo badala ya piseli moja, kisha bofya huku umeshika Shift ili namba zionekane. Kwenye dirisha la namba chagua RGB (0..255). Kwa kipimo hicho cha 0 hadi 255, tuseme shavu linasoma 40, nywele 14, shati jeupe la shule 100, na mchanga wa uani 245.

Namba hizi zinatosha kueleza kwa nini ulikwama. Wapiga picha hupima mwanga kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili ya uliokuwapo. Shavu la 40 likipandishwa stopu moja linafika 58, mbili 82, tatu 114. Kwa mtoto mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi aliye kivulini, shavu linalosoma karibu 100 linaonekana vizuri kabisa. Utashawishika basi kupandisha picha nzima stopu tatu. Ila shati la 100 likipandishwa stopu tatu linagonga 255, na mikunjo yake yote inapotea. Mchanga wa uani ulikwisha kuungua tangu stopu ya kwanza. Nywele nazo, hata kwa stopu mbili tu, zinatoka 14 hadi 36, yaani si nyeusi tena bali kijivu. Picha isiyo na cheusi cha kweli popote ndiyo hiyo unayoiona imepauka, kama imepigwa kupitia moshi.

Kwa hiyo anza na Image > Precision > 32 bit floating point. Hatua hii haiongezi kitu kwenye picha, bali inazuia hesabu zinazofuata zisiikwangue zaidi. Rudufu leya, yaani tabaka la picha, ili ile ya asili ibaki salama, kisha fungua Colors > Shadows-Highlights. Sogeza Shadows hadi 40, bonyeza OK, soma shavu tena. Kama bado liko chini sana, rudi nyuma kwa Ctrl+Z ujaribu kwa namba kubwa zaidi. Unachotafuta hapa ni shavu lisome kati ya 60 na 65, basi. Litakuwa bado na giza, na ndivyo inavyotakiwa.

Inafaa kujua kitelezi hicho kinaamuaje kipi ni kivuli, maana kosa kubwa la kazi hii huanzia hapo. Hakitazami piseli moja moja. Kinatengeneza nakala ya picha iliyotiwa ukungu, kisha kinaitumia kama ramani: palipo giza kwenye ramani panapandishwa, palipo na mwanga panaachwa. Kiasi cha ukungu huo ndicho Radius, ambayo huja ikiwa 100. Pale kichwa kinapokutana na ua, ukungu unachanganya viwili hivyo. Ukingo wa nywele unahesabiwa kuwa na mwanga, kwa hiyo unabaki giza. Ua ulio kando yake unahesabiwa kuwa na giza, kwa hiyo unang'arishwa. Ukizidisha, mtoto anavikwa taji la nuru kama picha za watakatifu, na ukishaliona hutaacha kuliona. Kupunguza Radius kunalibana taji hilo liwe jembamba, lakini ikiwa ndogo mno ramani inaanza kufuata hata kivuli cha pua na vishimo vya mashavu, uso unakuwa bapa kama umekatwa kwenye karatasi. Njia ya uhakika zaidi ni kutokipa kitelezi kazi kubwa, na ndiyo sababu tumekiachia nusu tu.

Sasa uso. Nenda Layer > New from Visible upate leya mpya, kisha Colors > Exposure, weka Exposure 1.5. Picha yote itaruka juu vibaya, usijali. Ongeza maski, yaani pazia linaloamua leya ionekane wapi, kwa Layer > Mask > Add Layer Mask na uchague Black (full transparency). Leya yote inafichika. Chukua brashi laini yenye upana wa theluthi ya uso, rangi nyeupe, Opacity 30, na upake kwenye maski polepole. Kila unapopita, mwanga kidogo unafunguka. Panapofunguka kabisa, shavu la 64 linafika 106 hivi, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua.

Wengi hupaka uso mzima sawasawa. Uso wa mtoto ni wa mviringo, na umbo lake tunalisoma kwa jinsi mwanga unavyopungua kutoka shavuni kwenda taya. Paka zaidi kwenye paji, mashavu na ncha ya pua. Pita mara moja tu pembeni mwa uso, na chini ya kidevu usipaguse. Machoni tumia brashi ndogo na upite jicho zima. Ukipaka weupe wake peke yake, mtoto atakodoa kama aliyeshtuliwa. Kama kuna uzi wa mwanga kwenye ukingo wa nywele au sikio uliotoka kwenye jua la nyuma, kaa mbali nao. Uzi huo ndio unaomwambia mtazamaji jua liko wapi. Kwa sababu hiyohiyo uso ubaki na giza kidogo kuliko ua, kwani ukilingana nao mtoto ataonekana amebandikwa. Wala usipandishe mpaka ngozi ibadilike. Ngozi nyeusi iliyorekebishwa vizuri inabaki nyeusi, na kilichorudi ni macho, tabasamu na umbo.

Ukimaliza, bofya maski na uipitishe Filters > Blur > Gaussian Blur ya 15 hivi, ili michirizi ya brashi iungane. Ukiona mwanga umemwagika nje ya uso kwenye fremu ya mlango, badili rangi iwe nyeusi upake hapo kufuta.

Mara nyingi uso uliopandishwa unatoka na rangi ya ajabu. Mtoto aliye kivulini haangazwi na jua bali na anga na kuta, kwa hiyo ngozi inaelekea bluu au, kama ukuta wa sebule ni wa kijani, kijani. Giza lilikuwa linaficha hilo. Bofya kijipicha cha leya ya uso, si maski, fungua Colors > Color Balance kwenye Midtones, sogeza Cyan–Red hadi 5 na Yellow–Blue hadi -5. Kwa uso wa bluu hiyo kwa kawaida inatosha. Kwa uso wa kijani vuta Magenta–Green upande wa hasi kidogo kidogo.

Kisha kuza picha hadi 100% utazame shavu. Utaona chenga, na hakuna ufundi utakaozizuia zisitokee. Mwanga hufika kwenye kihisi cha kamera kwa matone yasiyo sawa. Matone yakiwa mengi, tofauti hizo hazionekani, lakini mwanga ukipungua mara 4, uwiano wa picha safi dhidi ya chenga unashuka kwa nusu. Ulipopandisha uso ulipandisha na chenga zake. Zile za punje punje ziache, zikichapishwa hazisumbui. Zinazochukiza ni madoa ya zambarau na kijani. Tengeneza tena New from Visible, itie Gaussian Blur ya 6, na ubadilishe Mode yake iwe LCh Color. Leya hiyo inachangia rangi tu, kwa hiyo madoa yanayeyuka huku kope na midomo vikibaki vikali. Ipe nayo maski nyeusi na ufungue usoni tu, la sivyo rangi ya ua itavuja kwenye masikio.

Mwisho ni weusi. New from Visible mara ya mwisho, kisha Colors > Levels, na alama ya kushoto ya Input isogezwe kutoka 0 hadi 3 au 5, kwani kwenye picha ya 32 bit kipimo cha hapa ni 0 hadi 100. Tazama nywele na giza la nyuma ya mlango. Zikishakuwa nyeusi tena, simama. Ukiendelea, unaanza kuula uso uliokwisha kuutoa.

Mwenye simu tu anaweza kufika karibu na hapo kwa programu ya Snapseed. Kwenye Tune Image pandisha Shadows kiasi, halafu Selective: gusa shavu, bana au panua vidole viwili hadi eneo jekundu lifunike uso, na upandishe Brightness kwa 20 au 30. Huna udhibiti wa kidevu na pua, lakini kwa picha ya kutazamwa kwenye simu si haba.

Kuna picha ambazo haziokoki. Kama shavu linasoma chini ya 10, uso mzima umeandikwa kwa ngazi chache mno, na ukiupandisha unapata mabaka yenye kingo kama ramani. Dalili nyingine ni vijisanduku: JPEG hubana picha kwa vipande vya piseli 8 kwa 8, na hutupa tofauti ndogo ndogo kwa kuamini jicho halitazitambua, na gizani tofauti nyingi ni za namna hiyo. Ukiviona, uliza kwanza picha imetoka wapi. Iliyopokelewa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa upya, hivyo mwombe aliyeipiga akutumie ya asili kama dokumenti. Na kama kamera yake ilihifadhi RAW, yaani data ya kihisi kabla haijageuzwa kuwa JPEG, omba hiyo. RAW ya biti 14 ina ngazi 16384 mahali ambapo JPEG ina 256, na shavu lilelile linaweza kupandishwa stopu tatu bila kuonyesha mabaka.