Presha ya bibi, shinikizo la mjukuu

"Nikimwandikia bibi yangu aliye Lamu nitumie Kiswahili cha zamani, na mtoto wa dada yangu nimwandikie kwa maneno ya Kiingereza? Nitajuaje neno lipi linamfaa nani?"

Umri wa neno haufuati umri wa msomaji. Mtu hushika neno alilolisikia siku kitu chenyewe kilipomfikia, na hulishika maisha yake yote, liwe limetoka Uarabuni, Ureno au Uingereza. Ajuza wa mtaa wa Langoni, Lamu, ambaye hajawahi kukaa darasani atakwambia meli imetia nanga, na zamani manowari zilikuwa zikipita. Maneno yote mawili ni ya Kiingereza. Manowari ni "man-of-war", jina la jahazi la vita la Waingereza, na meli ni "mail", ile posta waliyoichukua, kwa kuwa barua na abiria walisafiri chombo kimoja. Stima nayo ilikuwa chombo cha mvuke kabla ya kuwa taa ya umeme. Ukimwandikia bibi huyo "merikebu" ataelewa, ila merikebu ni Kiarabu. Kwa hiyo hata ukikimbia neno la Mwingereza, huenda unaangukia la mgeni mwingine aliyetangulia kufika.

Upande wa pili, mtoto wa darasa la sita pale Malindi anajua tarakilishi, rununu na runinga. Anayajua kwa sababu yamo kwenye kitabu chake cha Kiswahili na huulizwa kwenye mtihani. Maneno hayo yanasikika ya Kiswahili safi, lakini yana umri mdogo kuliko bibi yake. Bibi hayajui. Yeye ana simu, ana tivii, na kompyuta ameiona kwenye ofisi ya serikali, ikaitwa kompyuta. Ukidhani unamheshimu kwa kumwandikia rununu, umemwandikia neno la mjukuu wake.

Tuchukue ujumbe mmoja ambao familia nyingi za pwani zimewahi kuutuma. Bibi ana sukari na presha. Ijumaa asubuhi anatakiwa akatolewe damu ipimwe sukari kabla hajala kitu. Mjukuu anayefanya kazi Nairobi anaandika haraka:

"Bibi, Ijumaa una apointimenti ya kliniki. Ufunge saa nane kabla ya testi ya sukari."

Mwenzake aliyesomea ualimu anaona aibu, anamsahihisha:

"Bibi, Ijumaa una miadi ya kupimwa kiwango cha glukosi na shinikizo la damu. Ufunge saa nane kabla ya kipimo."

Ujumbe wa pili ni mzuri kwa mwalimu na mbaya zaidi kwa bibi. Miadi ataielewa vyema, ni neno lake, na ni afadhali kuliko apointimenti. Lakini shinikizo la damu hajaambiwa na yeyote. Muuguzi humwambia "presha imepanda", jirani humwuliza "presha yaendaje", na kwenye kibanda cha dawa huomba vidonge vya presha. Glukosi ndiyo hiyo hiyo sukari yake iliyovishwa koti. Hapa neno la Kiingereza ndilo la nyumbani, na neno la Kiswahili ndilo geni.

Hata hivyo, si hapo ujumbe ulipoharibika. Umeharibika kwenye neno ambalo waandishi wote wawili walilipita bila kulitazama, kwa kuwa ni la zamani na kila mtu analijua: kufunga. Kwa maabara, kufunga maana yake ni kutokula wala kunywa chochote chenye chakula kwa muda usiopungua saa nane. Maji matupu yanaruhusiwa, na ni vizuri ayanywe. Kwa bibi wa Lamu, kufunga ni saumu. Saumu ina nia, ina daku kabla ya alfajiri, na maji hayagusiki. Basi bibi ataamka usiku, ale wali uliobaki na chai ya maziwa, anuie, kisha afike kliniki saa mbili asubuhi akiwa na kiu na sukari iliyopanda kwa daku. Kipimo kitasoma kile chakula badala ya kusoma ugonjwa. Daktari asiyejua habari ya daku anaweza kumwongezea dawa isiyohitajika.

Na hiyo "saa nane" nayo? Masikioni mwa bibi ni saa nane ya saa, ile ya usiku au ya mchana. Walimu hukataa "masaa" kwa kalamu nyekundu, lakini wasemaji wengi wa pwani hutenga hivi: saa nane ni wakati, masaa manane ni muda. Mimi kwa bibi ningeandika masaa manane bila haya, au bora zaidi ningemwondolea hesabu kabisa nimpe mwanzo na mwisho.

Mwanzo wenyewe ni Alhamisi usiku, na hapo pana shimo jingine. Ukimwandikia "usiku wa Ijumaa", mzee aliyezoea kuhesabu siku tangu magharibi ataelewa usiku unaotangulia Ijumaa, yaani ule ambao kijana anauita Alhamisi usiku. Kijana akisoma maneno yale yale ataelewa usiku baada ya Ijumaa kwisha. Wote wako sahihi kwa hesabu zao. Kauli isiyomtatiza yeyote ni "usiku wa kuamkia Ijumaa".

Sasa ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Bibi, shikamoo. Siku yako ya kliniki ni Ijumaa, saa mbili asubuhi. Watakutoa damu wapime sukari, na presha pia. Usiku wa kuamkia Ijumaa kula chakula chako ukishaswali isha. Baada ya hapo usile kitu tena mpaka utolewe damu. Hii si saumu: usiamke kula daku, na maji kunywa ukitaka. Chai na kahawa usinywe, hata bila sukari. Dawa zako za asubuhi zibebe, muuguzi atakwambia uzimeze wakati gani."

Umerefuka, ndiyo. Tena una kliniki na presha ndani yake, na hauna hata neno moja la kutolewa kamusini. Urefu umetokana na kulivunja neno moja, "ufunge", likawa vitendo ambavyo bibi anaweza kuvifanya kimoja kimoja.

Kuna jambo watu husahau kuhusu barua za mabibi: mara nyingi si wao wanaozisoma. Wapo wazee wa Lamu waliojifunza herufi za Kiarabu utotoni na hizi za Kirumi zinawachosha macho, na wapo ambao macho yenyewe hayafai tena kwenye kioo kidogo cha simu. Ujumbe unafika, bibi anamwita mtoto aliye karibu, mtoto anasoma kwa sauti. Kwa hiyo unamwandikia msomaji wa miaka kumi na msikilizaji wa miaka themanini kwa wakati mmoja, na kila neno lazima lipite mdomo wa mmoja lifike sikio la mwingine.

Hilo hubadili mambo ya ajabu kidogo. Tarakimu, kwa mfano. Mtoto hujifunza hesabu kwa Kiingereza shuleni, basi akikuta 79 atasoma kwa Kiingereza, na bibi atabaki kumtazama. Andika "sabini na tisa" kwa maneno, mtoto hatakuwa na njia ila kuisema. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x2 vilevile: mtoto ataisoma kama hesabu ya kuzidisha. Andika "kidonge kimoja asubuhi, kimoja usiku".

Matamshi ya Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, kwa upande wake, hayadai kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Bibi husema mato, mayi, kuya, na wewe shuleni ulifundishwa macho, maji, kuja, kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Ukiandika macho, bibi hatapotea; amesikia redio maisha yake yote. Ukiandika mato kwa mapenzi, mtoto anayesoma atadhani umekosea na huenda akasoma "moto". Mimi ningekiacha Kiamu kibaki kwenye salamu na utani, na maagizo ya dawa ningeyaandika kwa sanifu.

Mtoto akiwa ndiye unayemwandikia, hatari inageuka upande. Umwambie "bibi ana presha", naye atafikiri bibi ana wasiwasi, kwa kuwa rafiki zake husema timu imeingia presha. Kwake andika "presha ya damu", na ukitaka umtajie shinikizo la damu, maana atalikuta kitabuni. Ukimweleza ugonjwa wa sukari, neno kongosho halijui. Usilikwepe, lakini liambatanishe na kazi yake mara ya kwanza: kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, na insulini huiondoa sukari damuni na kuiingiza kwenye seli. Baada ya hapo unaweza kulitumia bila maelezo.

Maneno ya zamani yanayomkwaza mtoto zaidi si yale asiyoyajua. Asilolijua atauliza. Yanayomkwaza ni yale anayodhani anayajua. Ukimsimulia kwamba bibi alisoma chuoni tangu akiwa na miaka sita, atashangaa bibi aliingiaje chuo kikuu mapema vile. Kwa watu wa Lamu chuo ni mahali pa kusomea Kurani, na kabla ya hapo lilikuwa pia jina la kitabu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Mwandikie "chuo cha Kurani" na mkanganyiko unakwisha. Waraka kwa babu ni barua tu, kwa kijana ni amri kutoka wizarani. Dola kwa mzee ni utawala, kwa mtoto ni pesa za Marekani. Kwa mzee sentensi "dola ilianguka" ni habari ya mfalme. Kwa mjukuu ni habari ya benki.

Ukitaka kujua kama ujumbe umefika salama, usimwulize bibi "umeelewa?" Atajibu ndiyo kwa adabu. Piga simu Alhamisi jioni, umwulize atakula saa ngapi na ataamka kufanya nini. Akitaja daku, una muda wa kurekebisha kabla ya alfajiri.