Herufi Zilizovurugika Kwenye Fulana na Mabango: Jinsi ya Kuzirekebisha Katika Picha ya Kuunganisha

Siku hizi picha nyingi za kampeni na matangazo haziundwi kwa bonyezo moja la kamera. Watu hupigwa picha mmoja mmoja, wakaunganishwa kwenye mandhari moja, kisha picha nzima hupitishwa kwenye programu ya akili mnemba ili mwanga ulingane na sehemu zilizo wazi zijazwe. Nyuso hutoka vizuri, vivuli hukaa mahali pake, lakini fulana iliyoandikwa USAFI NI AFYA inatoka ikisomeka USAFFI NI AEYA. Bango la nyuma linakuwa na alama zinazofanana na herufi bila kuwa herufi za lugha yoyote. Kitengo chetu hupokea picha za namna hii mara kwa mara, na mara nyingi mwenye picha ameshajaribu kuiambia programu iandike tena na tena. Hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote.

Chanzo cha tatizo ni namna programu hizi zinavyoihifadhi picha zinapoifanyia kazi. Mfumo kama Stable Diffusion XL hauchori pikseli moja moja. Kwanza huibana picha ya pikseli 1024 kwa 1024 ikawa gridi ya visanduku 128 kwa 128, hivyo kila kisanduku hubeba eneo la pikseli 8 kwa 8, na eneo hilo lote huelezwa kwa namba nne tu. Kazi ikiisha, gridi hufumuliwa tena kuwa picha. Herufi yenye kimo cha pikseli 28 inapata visanduku vitatu na nusu vya kuelezea umbo lake, na herufi ya pikseli 9 inapata kimoja. Nyasi au nywele zikibuniwa upya kidogo hakuna anayeona. Herufi F ikiongezewa kijistari chini inageuka kuwa E, na neno limeharibika. Mifumo mipya zaidi, kama Stable Diffusion 3 na FLUX.1, hutumia namba 16 kwa kila kisanduku, na hiyo ni mojawapo ya sababu za maandishi yake kutoka nadhifu zaidi, ingawa herufi ndogo bado huteleza.

Kutokana na hilo, hata maandishi yaliyokuwa sahihi kwenye picha halisi yanaweza kuharibika bila mtu kuyagusa. Kule kubanwa na kufumuliwa peke yake kunatosha kuvuruga herufi ndogo. Ndiyo maana, kabla ya kurekebisha chochote, swali la kwanza tunalomuuliza mwenye picha ni kama anayo picha ya mwanzo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Picha ina watu wawili waliovaa fulana za bluu, bango la kitambaa nyuma yao, na kibao kidogo mbali barabarani. Mtu wa kushoto alipigwa picha akiwa na fulana yenye maandishi halisi. Wa kulia alipigwa akiwa na shati lake, na fulana ikabuniwa na programu. Bango na kibao navyo vilibuniwa.

Fulana ya kushoto haihitaji kuandikwa upya. Fungua picha ya mwanzo kama tabaka la juu, ilete kwenye ukubwa uleule, kisha badilisha hali ya tabaka hilo kuwa `Difference`. Hali hiyo huonyesha tofauti kati ya picha mbili, kwa hiyo sehemu zinazolingana huwa nyeusi. Sogeza tabaka polepole mpaka kola na mishono ya mabega iwe karibu nyeusi kabisa, rudisha hali ya kawaida, funika tabaka lote kwa maski, halafu fichua eneo la maandishi tu kwa brashi yenye ukingo laini. Kama mwanga wa picha mpya ni wa manjano zaidi, rekebisha rangi ya tabaka hilo kwa `Curves` mpaka bluu ya fulana isionyeshe mpaka. Hapa umerudisha herufi za kweli, pamoja na mikunjo na uzi wake, na hakuna urekebishaji mwingine unaofikia ubora huo.

Fulana ya kulia ndiyo yenye kazi. Hakuna cha kurudisha, kwa hiyo futa alama zote za programu kwanza. Usijaribu kuokoa herufi mbili zilizotoka vizuri, kwa sababu fonti ya kubuniwa haina jina, na hutapata nyingine ya kufanana nayo. Tumia `Clone` au `Heal` katika GIMP, au zana za aina hiyo katika Photoshop, na chukua kitambaa kutoka sehemu iliyo kwenye mwanga uleule na yenye mkunjo unaoelekea upande uleule. Ukichukua kitambaa cha begani ukakiweka tumboni, doa litabaki likionekana hata baada ya kuandika juu yake.

Sasa andika maneno kwa zana ya maandishi, ukitumia fonti uliyoona kwenye fulana ya kushoto au inayoikaribia. Yazungushe kufuata mstari wa kifua. Kifua kikigeuka kidogo, upande wa mbali lazima uwe mwembamba, la sivyo maandishi yataonekana kama stika iliyobandikwa hewani.

Mikunjo inafuata. Nakili eneo la fulana, liondoe rangi libaki la kijivu, kisha liwekee ukungu wa pikseli chache, kwa sababu usipofanya hivyo nyuzi za kitambaa zitazitafuna kingo za herufi. Hifadhi nakala hiyo kama faili la PSD lenye ukubwa wa picha nzima. Hii ndiyo ramani ya kusukuma herufi: kijivu cha 128 hakisukumi kitu, kinachozidi hapo husukuma upande mmoja na kilichopungua husukuma upande wa pili. Katika Photoshop, geuza kwanza maandishi yawe pikseli za kawaida, kisha tumia kichujio cha `Displace` na ulichague faili hilo. Kipimo cha 100 humaanisha msukumo wa hadi pikseli 128, kwa hiyo anza na 5 tu, ambayo ni takriban pikseli 6. Ukiona herufi zinatetemeka kama zimo majini, umezidisha. GIMP ina kichujio cha jina hilohilo, ila vipimo vyake huwekwa kwa pikseli moja kwa moja.

Wengi hukwama kwenye rangi. Wameambiwa waweke maandishi katika hali ya `Multiply` ili vivuli vya kitambaa vipenye. Ushauri huo unafaa kwa maandishi meusi juu ya fulana nyeupe. Kwa maandishi meupe juu ya bluu haufai, kwa sababu katika hali hiyo nyeupe hupotea kabisa. Fanya kinyume: acha herufi katika hali ya kawaida, weka juu yake nakala ya kijivu ya fulana, ing'arishe kwa `Levels` mpaka kitambaa chenye mwanga kiwe karibu cheupe na mikunjo pekee ibaki na giza. Nakala hiyo ndiyo uiweke `Multiply`, ukiifunga kwenye tabaka la herufi ili isiguse fulana. Vivuli vitapita juu ya herufi kama vinavyopita juu ya rangi iliyochapwa.

Na nyeupe yenyewe isiwe ya 255. Pima kitu cheupe kilicho kwenye mwanga uleule, kwa mfano kola ya mtu wa jirani. Ukipata 214, 210, 198, basi hiyo ndiyo nyeupe ya picha yako. Sioni kosa linalofichua kazi ya kuunganisha haraka kama nyeupe safi kuliko kitu kingine chochote kwenye fremu.

Bango ni rahisi zaidi, mradi usiandike moja kwa moja juu yake. Kadiria uwiano wake halisi. Kama linaonekana kuwa na upana mara tatu ya kimo, tengeneza mstatili wa pikseli 3000 kwa 1000, panga maandishi humo, kisha vuta pembe zake nne zikakae juu ya pembe nne za bango kwa zana ya `Perspective`. Nafasi kati ya herufi itapungua yenyewe kuelekea upande wa mbali. Kama kitambaa kimelegea katikati, ongeza mkunjo kidogo kwa `Warp` ili mstari wa chini wa maneno ufuate ukingo wa chini wa bango.

Kilichobaki ni ukali wa kingo. Herufi za kompyuta hutoka kali mno. Vuta karibu ukingo wa kitu kilicho umbali sawa na bango, uhesabu ni pikseli ngapi zinatumika kutoka kwenye giza hadi kwenye mwanga. Zikiwa tatu, ongeza ukungu kwenye herufi mpaka nazo zitumie tatu. Halafu ongeza chengachenga kiasi kile kinachoonekana kwenye kitambaa kilicho kitupu.

Kibao cha mbali kina herufi za pikseli 9. Hapo hatuandiki neno. Tunafuta alama na kuacha kibao kitupu, au tunaweka ukungu unaolingana na umbali wake. Jicho hukubali kibao cha mbali kisichosomeka, bali hukataa kinachokaribia kusomeka.

Kuna picha ambazo hatuzirekebishi kwa njia hizi. Picha ya tukio halisi, kama maandamano, ajali au mkutano, ikiwa imepitishwa kwenye programu na maneno ya bango yakavurugika, hayo maneno ni sehemu ya ushahidi. Hatuyakisii. Ama yarudishwe kutoka picha ya mwanzo, ama picha ya mwanzo itumike yenyewe. Hata pale unapokumbuka kwa uhakika bango lilisema nini, kuliandika kwa fonti yako ni kutengeneza bango jipya mikononi mwa mtu ambaye hakulishika. Kwa picha ya kampeni isiyodai kuwa tukio halisi hakuna ubaya, ila tunawashauri wateja waeleze chini yake kwamba ni picha ya kuunganisha.

Kabla ya kuitoa, mpe mtu ambaye hakuiona kazi hiyo asome kila neno herufi kwa herufi, picha ikiwa kwenye ukubwa kamili. Aliyeitengeneza husoma anachokitarajia. Mwambie pia aangalie sehemu zinazosahaulika: kioo cha gari, saa ya mkononi, chupa mezani, maandishi ya mgongoni mwa mtu aliyegeuka.

Unapohifadhi kwa JPEG, chagua ubora wa juu, na katika GIMP uweke `Subsampling` iwe `4:4:4`. Mipangilio ya 4:2:0 hupunguza taarifa za rangi hadi robo, na maandishi mekundu juu ya bluu au nyeusi hutoka yakiwa na kingo zilizochafuka, hata kama ulizipanga vizuri. Faili lenye matabaka lihifadhi kando, kwa kuwa mitandao mingi ya kijamii huibana picha upya inapopakiwa, na huenda ukalazimika kuzikuza herufi za bango kwa ajili ya toleo dogo la simu.