Tindikali ikimwagika maabara: ripoti inayomsaidia daktari

Kazi yangu ni kusoma ripoti za ajali za maabara katika chuo kikuu kimoja Ujerumani. Ripoti za wanafunzi wa kigeni, hasa wanaotoka kwetu Afrika Mashariki, nazijua kabla sijafika mwisho: nusu ukurasa wa kuomba radhi, kisha sentensi moja, "nilisafisha kwa kufuata taratibu." Hofu ninaielewa. Mtu anawaza viza na ufadhili wake. Lakini hapa bima ya ajali ya kisheria inamhusu kila mwanafunzi aliyesajiliwa, awe mwenyeji au mgeni, na ripoti ndiyo inayomfungulia mlango wa bima hiyo. Radhi haimsaidii daktari hata kidogo.

Chukua kisa cha mwanafunzi wa uzamili aliyemwaga asidi ya nitriki ya asilimia 70, mililita 100 hivi, ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Ripoti yake ya kwanza ilikuwa kama nilivyoeleza. Nilikaa naye, nikamwuliza swali moja baada ya jingine, tukaiandika upya ikaanza hivi: "Saa 4:40 asubuhi chupa iliponyoka mkononi ndani ya kabati. Matone yalipenya glavu nyembamba ya nitrili kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilivua glavu na koti, nikaosha mkono kwa maji ya bomba kwa dakika 15. Mwenzangu alishusha kioo cha kabati na kuwatoa wengine chumbani."

Sentensi hizo chache zina mambo ambayo ripoti ya kwanza iliyaficha. Glavu ya nitrili imetajwa kwa jina, kwa sababu glavu nyembamba za aina hiyo haziihimili asidi ya nitriki kali, na maabara nzima ilikuwa ikizitumia. Kwa maelezo hayo, mkono ulishughulikiwa kabla ya asidi iliyomwagika, na ndivyo inavyotakiwa. Nikamwomba aongeze alichokiona kwenye ngozi: doa la njano ambalo halikutoka kwa maji. Hiyo ni asidi iliyokwisha kushikana na protini za ngozi, na daktari akisoma "doa la njano" anajua mara moja kilichomgusa mgonjwa.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi alilitaja kwa bahati tu, tukiwa karibu kumaliza. Kabla ya kuosha mkono alikuwa ametupa karatasi kadhaa za kupangusia juu ya asidi, zikaanza kutoa moshi wa kahawia. Yeye aliona ni kitu kidogo. Moshi ule ni dioksidi ya nitrojeni, na asidi hii ikikutana na karatasi, vumbi la mbao au spiriti inaweza kuwasha moto. Ubaya wa gesi hiyo ni kwamba mtu huivuta akakohoa kidogo, akajisikia mzima, kisha baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, mapafu yanajaa maji. Ndiyo maana ripoti lazima iseme: nilisimama wapi, kioo kilikuwa juu au chini, niliuona moshi kwa muda gani, nilikohoa au la. Tuliyaandika yote, akapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, akaambiwa arudi haraka iwapo pumzi itambana usiku.

Kuhusu usafishaji, neno "nilizimua" halitoshi. Asidi ya nguvu hiyo ina moli 15.8 hivi kwa lita, kwa hiyo mililita 100 ni moli 1.58. Kila moli inahitaji moli moja ya bikaboneti ya soda, yaani gramu 84:

```
HNO3 + NaHCO3 -> NaNO3 + H2O + CO2
1.58 x 84 = gramu 133
```

Mwenzake alitumia kopo la gramu 250, akinyunyiza kidogo kidogo kutoka kingo kuelekea katikati, kabati likiendelea kuvuta, mpaka povu likakoma na karatasi ya pH ikasoma 7. Alama hizo mbili ndizo ushahidi; zikikosekana, sisi ofisini inabidi tudhani asidi bado ipo pale.

Mwisho tuliandika taka ziliko. Zile karatasi zilizolowa zililowekwa kwenye maji mengi ndani ya kabati, hazikuingia pipa la kawaida. Uji wa bikaboneti uliwekwa kwenye chombo chenye kifuniko kinachopitisha hewa, kwa kuwa kama kuna asidi iliyobaki, gesi itaendelea kutoka na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Kwenye kibandiko kuliandikwa jina la kemikali, tarehe na neno "imezimuliwa, pH 7".

Kumbukumbu ya huduma ya kwanza kama hii hutunzwa hapa kwa miaka 5. Mwanafunzi huyo akipata tatizo la mapafu au ngozi mwaka ujao, saa 4:40, glavu ya nitrili na moshi wa kahawia vitakuwa vimeandikwa, na saini yake ipo chini.