Prologo na epilogo: kurasa ambazo riwaya inazihitaji, na zile inazobeba bure

Miswada mingi ya riwaya inayofika mezani pangu hapa Kisumu huanza kwa kurasa chache zenye kichwa "Prologo", na mara nyingi huishia kwa kurasa nyingine zenye kichwa "Epilogo". Kazi yangu ni kuhariri hadithi za kubuni, na kabla sijagusa sentensi yoyote humwuliza mwandishi hivi: msomaji akifika Sura ya Tatu atakuwa anajua nini ambacho asingekijua kama kurasa hizi zisingekuwapo, na ujuzi huo utambadilishiaje usomaji wa sura hiyo? Mwandishi akijibu kwamba kurasa zenyewe "zinamwandaa msomaji" au "zinajenga mazingira", huwa naanza kunoa kalamu nyekundu, kwa maana kumwandaa msomaji ni kazi ya kila sura ya kwanza iliyoandikwa vizuri.

Sizungumzii dibaji ya mchapishaji wala shukrani za mwandishi, ambazo hukaa nje ya hadithi. Prologo ni sehemu ya hadithi yenyewe, ila imetengwa na sura zake kwa sababu inatokea wakati mwingine, au inasimuliwa na mtu mwingine, au ina umbo lisilofanana na lao, kwa mfano barua au kumbukumbu za mahakama. Ikiwa haina tofauti yoyote ya namna hiyo, basi ni Sura ya Kwanza iliyopewa jina la kifahari, na dawa yake ni kubadilisha kichwa tu.

Kazi kubwa ya prologo ni kumpa msomaji jambo ambalo wahusika hawalijui. Wagiriki wa kale waliielewa kazi hiyo vizuri. Katika tamthilia ya Euripides iitwayo Hippolytus, iliyoigizwa Athene mwaka 428 K.K., mungu wa kike Afrodite anatokea mwanzoni kabisa na kutangaza kwamba Hippolytus atakufa siku hiyo hiyo. Tangu hapo mtazamaji haulizi tena kama kijana huyo atakufa, bali anaulizia njia itakayomfikisha huko na mtu ambaye angeweza kuizuia, na maneno ya kujiamini ya Hippolytus yanaanza kusikika kwa uzito ambao yeye mwenyewe hana habari nao.

Nitaonyesha jambo hili kwa riwaya ya mfano ambayo nimeiunda kutokana na kasoro ninazokutana nazo mara kwa mara. Achieng' ni mhasibu huko Nakuru. Tangu utotoni ameambiwa kwamba baba yake, mvuvi wa omena katika ufuo wa Dunga, alizama ziwani usiku wa dhoruba, na kwamba baba yake mdogo, Okinyi, aliponea chupuchupu kwa kuogelea. Riwaya inaanza pale anapoitwa nyumbani kwa sababu Okinyi anataka kuiuza mashua ya marehemu. Mwishoni Achieng' anagundua kwamba hapakuwa na dhoruba yoyote.

Prologo ya kwanza ambayo mwandishi wa hadithi kama hii huniletea ni historia: kurasa nne kuhusu ziwa, ukoo, ujio wa sangara na magugu maji yanayoziba ghuba. Mambo hayo ni ya kweli na pengine yameandikwa kwa ufasaha, lakini msomaji bado hana mtu wa kumjali, hivyo hana sababu ya kuyakumbuka. Magugu maji yatamgusa siku yatakapoizuia mashua ambayo Achieng' yumo ndani yake, na hapo ndipo pa kuyaeleza, kwa sentensi mbili.

Prologo ya pili ni ya mwandishi aliyeambiwa kwamba historia inachosha. Anakata kipande cha Sura ya Kumi na Nane, pale Achieng' anapokimbizwa gizani kando ya maji, anakileta mbele, kisha Sura ya Kwanza inaanza na maneno "Wiki tatu kabla". Aina hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Damu ipo na pumzi zinakatika, lakini msomaji hapati ujuzi wowote wa kuutumia katika sura zinazofuata, ila kwamba mambo yatachacha, jambo ambalo alilijua tangu aliponunua kitabu. Zaidi ya hayo, mwandishi amekiri bila kutaka kwamba Sura yake ya Kwanza haiwezi kusimama yenyewe. Ukiona prologo ya namna hii, chunguza sura inayoifuata, kwa maana ugonjwa uko huko.

Prologo ya tatu ina kurasa mbili. Mama mmoja, mchuuzi wa samaki, ameamka usiku kwenda haja. Mwezi ni mpevu na maji yametulia kabisa. Anaona mashua moja ikitoka ufuoni ikiwa na wanaume wawili na taa isiyowashwa, na kabla ya alfajiri anaiona ikirudi na mwanamume mmoja. Hasemi neno kwa mtu. Prologo inaishia hapo, na hatuambiwi majina ya wanaume hao.

Omena huvuliwa gizani kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu, taa hupoteza nguvu na wavuvi wengi wa omena hupumzika. Kwa hiyo msomaji wa hapa kwetu anahisi mara moja kwamba safari ile haikuwa ya uvuvi, na msomaji wa mbali ataambiwa jambo hilo katika Sura ya Pili na mhusika anayelitaja kwa kupita tu. Kuanzia hapo, kila mara Okinyi anapoisimulia dhoruba, msomaji anayakumbuka maji yaliyotulia. Shangazi anapolia akisema "Mawimbi yale yalikuwa kama nyumba", msomaji anajiuliza kama shangazi naye amedanganywa au ni mmoja wa wanaoficha. Kurasa mbili zimebadilisha maana ya mazungumzo ya riwaya nzima, na zisingeweza kuwekwa mahali pengine bila kumfanya Achieng' ajue mapema mno.

Prologo fupi kama hii haivumilii kosa la undani. Mwandishi akiandika kwamba usiku huo ulikuwa wa mwezi wa Juni, ameiharibu, kwa sababu nchini Kenya uvuvi wa omena hufungwa tangu 1 Aprili hadi 31 Julai, na katika kipindi hicho mashua za omena zinatakiwa zibaki ufuoni hata mwezi usipoonekana. Msomaji wa Homa Bay au Siaya atadhani wale wawili walikuwa wakivua kinyume cha sheria, jambo ambalo halishangazi mtu, na dalili ya mwezi mpevu itakuwa imepotea. Usiku huo uhamishiwe Oktoba.

Kuna mtego mwingine. Wasomaji wengi, nami nimo, wana tabia ya kuiruka prologo, hasa ikiwa imepigwa chapa kwa herufi za mlazo kurasa nzima. Mwandishi akiweka humo jambo ambalo bila hilo hadithi haieleweki, atakuwa amewapoteza hao. Prologo ya mama mchuuzi inaupita mtego huo: aliyeiruka atasoma hadithi ya binti anayegundua ukweli pamoja naye, na aliyeisoma atasoma hadithi ya binti anayeukaribia ukweli ambao yeye ameushika tayari. Riwaya zote mbili zinaeleweka, ila ya pili ni tajiri zaidi. Ndiyo maana kipimo changu ni kuwapa wasomaji wawili mswada ule ule, mmoja ukiwa na prologo na mwingine bila, kisha kuwauliza, wakiwa wamefika kama robo ya kitabu, wanamshuku nani na kwa nini. Majibu yao yakifanana, prologo haina kazi.

Epilogo inataka maelezo machache zaidi, kwa kuwa makosa yake yanafanana. Sura ya mwisho hujibu swali kuu la hadithi. Epilogo hutokea baada ya muda kupita, na hustahili kuwapo ikiwa inaonyesha jibu hilo limegharimu nini au ikiwa inaligeuza. Katika riwaya ya Dostoevsky kuhusu Raskolnikov, iliyotoka mwaka 1866, sehemu ya sita inaishia kwa mwuaji kukiri kosa lake, na epilogo inamfuata Siberia anakotumikia miaka minane ya kazi ngumu. Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu kama badiliko la moyo wake huko linaaminika. Binafsi naona linakuja haraka mno, lakini siwezi kusema epilogo hiyo haina kazi, kwa kuwa kukiri kwa mdomo na kutubu ni mambo mawili, na sehemu ya sita ilikuwa imetupa la kwanza tu.

Linganisha na epilogo ya kwanza ya riwaya yetu ya Dunga: mwaka mmoja baadaye Okinyi yuko gerezani, Achieng' ameolewa, mdogo wake amehitimu chuo na shangazi amesamehe kila mtu. Hii ni orodha ya mahudhurio. Kila mhusika ameitwa jina, akaitika na kuketi, na hakuna hata mmoja ambaye msomaji alikuwa akimngojea. Mbaya zaidi, sura ya mwisho ilikuwa imemwacha Achieng' akiondoka ufuoni bila kusema kama atakwenda polisi, na ukimya huo ulikuwa na nguvu. Epilogo imeuziba.

Epilogo ninayoweza kuitetea ni nusu ukurasa tu, nayo ina umbo la ukurasa wa daftari la kamati ya ufuo. Mashua ile ile imeandikishwa upya, mmiliki ni Achieng', na katika orodha ya wavuvi wake jina la kwanza ni Okinyi. Hakuna maelezo mengine. Sasa msomaji analazimika kurudi kwenye sura ya mwisho na kujiuliza upya kama ukimya ule ulikuwa msamaha, au ulikuwa adhabu ya mtu kuajiriwa na binti wa marehemu katika mashua ya marehemu. Wako watakaosema kwamba hata hii inafunga kilichoachwa wazi. Nakubali kwamba inafunga jambo moja, lile la polisi, lakini inafungua kubwa zaidi, na kama mwandishi hataki kubadilishana hivyo, basi aiache riwaya iishie ufuoni.

Waandishi wengine hudhani kwamba mwenye prologo hana budi kuwa na epilogo, na kwamba mama mchuuzi lazima arudi mwishoni ili mlango ufungwe na aliyeufungua. Hakuna kanuni ya namna hiyo. Mama yule alikuwa na jambo moja la kutuambia, naye alilisema katika kurasa mbili. Akirudi, ataulizwa kwa nini alinyamaza miaka yote, na jibu la swali hilo linahitaji sura nzima katikati ya kitabu, wala si nusu ukurasa mwishoni.