Kabla ya kufungua boksi la balbu janja, anza na ruta

Balbu janja ikishaunganishwa hukariri vitu viwili: jina la Waifai yako na nywila yake. Ukibadilisha kimojawapo baadaye, balbu, plagi na kamera zote zinakatika kwenye simu, na kila kifaa inabidi ukiunganishe upya. Ndiyo maana nyumba yenye balbu sita mara nyingi inabaki na nywila mbovu ya siku ya kwanza. Nani atapanda ngazi mara sita? Kwa hiyo mimi huanzia kwenye ruta, boksi likiwa bado limefungwa.

Nywila mbovu ninayokutana nayo zaidi ni namba ya simu ya mwenye nyumba. Inaonekana ndefu, lakini 07 ya mwanzo kila mtu anaijua, zinabaki tarakimu 8, yaani michanganyiko milioni 100. Na mwizi hahitaji kusimama getini akijaribu mojamoja. Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa Waifai, anasubiri simu yako ijiunge, ananasa ishara zinazopita hewani wakati simu na ruta zinatambuana, kisha anaenda kubahatisha kwenye kompyuta yake huku ruta haina habari. Kompyuta inayojaribu mara 300,000 kwa sekunde humaliza zote milioni 100 ndani ya dakika 6.

Badala yake fungua kamusi mara tano bila kuangalia, na kila mara chukua neno ambalo kidole kimeangukia. Usichague linalokupendeza. Utapata kitu kama hiki (hiki chenyewe usikitumie):

```
kinu-tarishi-pazia-jongoo-embe
```

Hata mwizi akijua kuwa umetumia maneno 5 kutoka kwenye orodha ya maneno 2,000, kompyuta ileile itahitaji zaidi ya miaka 3,000 kuyamaliza yote. Ukiwa hapo hapo, badilisha pia nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ile iliyobandikwa chini yake, na uzime UPnP, maana hiyo huruhusu kifaa cha ndani kuwafungulia walio nje mlango wa kuingia bila kukuuliza.

Sasa fungua boksi. Kwa vifaa vinavyotumia programu ya Smart Life, washa Bluetooth na mahali ulipo kwenye simu, kisha uwashe na kuzima balbu mara 3 haraka hadi ianze kupepesa. Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua kifaa, andika nywila. Ikigoma katikati, sababu ya kwanza kukagua ni masafa: vifaa vingi vya aina hii vinasikia 2.4 GHz tu. Kama ruta yako ina jina moja kwa masafa yote mawili, zima 5 GHz kwa dakika chache, unganisha, kisha uirudishe. Ruta iliyowekwa kwenye WPA3 peke yake, yaani ulinzi mpya kuliko WPA2, nayo huvikataa vingi.

Ule mchezo wa kuwasha na kuzima una kasoro yake huku kwetu: umeme ukikatika na kurudi mara kadhaa kwa haraka, balbu hudhani ni wewe na inaanza kupepesa. Haijafa, iunganishe tena.

Plagi soma maandishi ya nyuma. Iliyoandikwa 10 A kwa 230 V inabeba wati 2,300, kwa hiyo birika la wati 2,400 limeshaizidi. Ikizidiwa mara nyingi, swichi ya ndani hugandana: programu inasema imezimwa, kumbe kifaa bado kinawaka. Ukiona hivyo, itoe ukutani na uitupe.

Kamera ndiyo ya kuogopa, na hapa nywila ya Waifai haitoshi. Anayeingia kwenye akaunti yako ya Smart Life anaona sebule yako akiwa popote duniani, hata asipokaribia ukuta wako. Nywila ya akaunti hiyo isifanane na ya tovuti nyingine yoyote, kwa sababu zilizovuja kwingine ndizo hujaribiwa kwanza. Mwenzi au dada wa nyumbani akihitaji kuwasha taa, usimpe nywila yako: afungue akaunti yake, nawe umshirikishe balbu tu, kamera uiache. Siku akiondoka unamfuta kwenye orodha.

Kamera nyingine zina pia nywila yao ya ndani, kwa ajili ya mashine ya kurekodia. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani kama `admin`. Hiyo ibadilishe kabla kamera haijapanda ukutani.

Na ukiiuza au kuigawa kamera, kuirudisha kiwandani kwa kitufe kunaweza kuiacha bado imefungwa kwenye akaunti yako. Iondoe ndani ya programu, uchague kufuta na data, kisha utoe kadi ya kumbukumbu.