Chumba cha bei ya chini na mitego mingine ya kuchagua mji wa chuo

Dhana: Ukipanga mbali na chuo, unapunguza gharama.

Ukweli: Kodi ya mwezi haikuambii mengi mpaka uijumlishe na nauli, kisha uangalie mkataba ni wa miezi mingapi. Tuchukue vyumba viwili kwa mfano. Cha kwanza ni cha hosteli, dakika 10 kwa miguu hadi darasani. Kodi yake ni 200 kwa mwezi, sarafu yoyote ile, na unalipia miezi 9 ya masomo tu. Cha pili kiko mtaani, dakika 50 kwa basi, kodi 120, ila mwenye nyumba anataka mkataba wa miezi 12.

Ukienda chuo siku 22 kwa mwezi, hizo ni safari 44 za kwenda na kurudi. Nauli ikiwa 1, chumba cha pili kinafikia 164 kwa mwezi, na unajiona umeokoa 36. Sasa hesabu mwaka mzima. Hosteli ni 200 mara 9, yaani 1,800. Kile cha mtaani ni 120 mara 12, yaani 1,440. Ongeza nauli ya miezi 9, ambayo ni 396, unapata 1,836. Miezi mitatu ya likizo, chumba kikiwa kitupu, imemeza akiba yote.

Hapo hatujagusa muda. Dakika 40 za ziada katika kila safari, mara 44, ni zaidi ya saa 29 kwa mwezi. Hata mwenye nyumba akikubali miezi 9, ile 36 unayookoa ni kama kulipwa 1.2 kwa kila saa unayokaa njiani. Linganisha na malipo ya saa moja ya kibarua katika mji huo kabla ya kusaini.

Chumba cha mbali kinaweza kuwa na faida kweli. Huwa hivyo pale mkataba unapokuruhusu kumpangisha mtu mwingine wakati wa likizo, au chuo kinapowapa wanafunzi kadi ya usafiri ya bei nafuu. Yote mawili yaombe kwa maandishi, na uulize pia kama umeme, maji na intaneti vimo ndani ya kodi.

Dhana: Kilomita tatu ni karibu.

Ukweli: Kilomita si kipimo kizuri cha ukaribu. Basi linalopita kila baada ya dakika 10 hukuweka kituoni dakika 5 kwa wastani. Linalopita kila saa hukulazimu kupanga siku yako yote kulifuata, na ukilikosa umekosa kipindi. Tafuta mambo matatu kwenye ratiba: basi la kwanza asubuhi, la mwisho usiku, na huduma ya Jumapili. Angalia pia ratiba ya masomo. Kipindi cha saa mbili asubuhi na kingine saa kumi jioni, siku mbili kwa wiki, huwafanya wengi warudi nyumbani katikati, na nauli ya siku hizo inakuwa maradufu.

Dhana: Mji wenye biashara nyingi hauwezi kukosa kazi ya muda.

Ukweli: Swali la maana ni kazi hizo ziko lini, na nani mwingine anazitaka. Katika mji mdogo unaoishi kwa wanafunzi, maelfu huomba kazi zilezile wiki za mwanzo wa muhula. Likizo ikifika wateja huondoka, na zamu hupunguzwa wakati uleule ambao mwanafunzi ana nafasi ya kufanya kazi. Mji mkubwa una kazi mwaka mzima, lakini zamu za jioni huisha usiku. Zamu ikiisha saa nne na basi la mwisho likapita saa tatu na nusu, kazi hiyo si yako, isipokuwa unaishi umbali wa kutembea kwa usalama.

Anayesoma nje ya nchi yake ana ukomo mwingine: viza. Uingereza, kwa mfano, wengi wanaosoma shahada huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Bajeti inayotegemea saa 30 imeshavunjika kabla hujafika.

Dhana: Siku ya wageni inatosha kukuonyesha maisha ya kampasi.

Ukweli: Siku hiyo imeandaliwa. Nenda Ijumaa jioni au Jumamosi katikati ya muhula. Pale ambapo wengi wanaishi mbali, kampasi huanza kutulia Ijumaa mchana. Mgahawa hufungwa mapema na vyama vya wanafunzi hukutana mchana tu, kwa sababu wanachama wanawahi basi. Kama huwezi kufika, soma saa za maktaba za mwisho wa wiki na saa za mikutano ya vyama viwili vitatu unavyovipenda. Vikikutana usiku, rudi kwenye ratiba ya basi uone kama utaweza kurudi nyumbani.