Semina ya tiba: dhana potofu katika kufupisha mapitio ya usimamizi wa antibaiotiki

Wanafunzi wa famasia wanaokuja Tanga kwa mazoezi ya hospitali wakipangiwa mada ya usimamizi wa antibaiotiki, mara nyingi huishia kwenye andiko lile lile: mapitio ya kimfumo ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyoongozwa na Peter Davey, kuhusu njia za kuboresha uandikaji wa antibaiotiki kwa wagonjwa waliolazwa. Ni andiko zuri na ni nene. Yamekusanywa humo machapisho 221: majaribio 58 yaliyogawa washiriki kwa bahati nasibu, na tafiti 163 za aina nyingine. Mwanafunzi ana dakika kumi na tano za kulieleza, kwa hiyo anakimbilia muhtasari wa ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo dhana potofu zinapoingia kwenye slaidi.

Hizi ni zile ninazokutana nazo mara kwa mara. Mifano mingine ni ya binti wa kaka yangu, aliyeniletea slaidi zake nizipitie kabla ya siku yake, na ameniruhusu nizitaje.

Dhana: mapitio haya yanahusu antibaiotiki kwa jumla, hata zile za dukani

Slaidi yake ya kwanza ilikuwa na picha ya duka la dawa muhimu kule Ngamiani, mteja anapokea vidonge kwenye bahasha ya kaki. Picha nzuri, ila haina kazi pale. Swali la mapitio linahusu mgonjwa aliyelazwa tu: afua gani zinawafanya madaktari wa hospitali waandike antibaiotiki inavyotakiwa, na je, wagonjwa wanadhurika? Kuuza amoksisilini bila cheti ni tatizo kubwa hapa kwetu, lakini andiko hili haliligusi. Ukianza na picha ya duka, msikilizaji atasubiri jibu ambalo halimo.

Ni afadhali slaidi ya kwanza iwe na sentensi nne tu: wagonjwa ni akina nani (waliolazwa), kilichofanywa ni nini (afua za kubadili uandikaji), kimelinganishwa na nini (mara nyingi huduma ya kawaida bila afua), na kilichopimwa ni nini (kufuata mwongozo, siku za dawa, vifo, siku za kulazwa, usugu). Ongeza na mwezi wa mwisho wa kutafuta machapisho, yaani Januari 2015. Wengi huliruka hili kwa sababu jalada linasema 2017.

Dhana: "ufuataji wa mwongozo uliongezeka kwa asilimia 15"

Hapa nakaa kidogo, maana ndiyo namba kuu ya mapitio yote na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Kwenye majaribio 29 yenye wagonjwa 23,394, waliotibiwa kulingana na mwongozo walipanda kutoka asilimia 43 hadi asilimia 58. Tofauti ni 15, lakini ni 15 ya kutoa moja kwa moja: 58 toa 43. Mtu akisikia "iliongezeka kwa asilimia 15" anaweza kuchukua asilimia 15 ya 43, akapata kama 6, akahitimisha kwamba wodi imetoka 43 ikafika 49. Huo ni ufanisi mdogo kuliko uliopatikana. Mwingine atagawanya 15 kwa 43, apate karibu asilimia 35, kisha atangaze "ongezeko la asilimia 35". Hesabu hiyo si ya uongo, ila bila kutaja ulikoanzia inavimbisha matokeo.

Nilimwambia aweke watu mahali pa asilimia. Chukua wagonjwa 100 wanaopewa antibaiotiki wodini. Bila afua, 43 wanapata dawa inayofuata mwongozo. Kukiwa na afua, ni 58. Wameongezeka 15 kati ya 100, yaani takriban mmoja katika kila wagonjwa saba. Waliobaki nje ya mwongozo bado ni 42.

"Shangazi, kwa hiyo hata baada ya kazi yote hiyo karibu nusu bado wanakosewa?"

Ndiyo. Na hilo lilistahili kuwa kwenye slaidi yake, lakini halikuwapo, kwa sababu muhtasari hauandiki 42 mahali popote. Inabidi uitoe mwenyewe.

Kuna mtego mwingine pembeni ya namba hiyo. Mpaka wa uhakika wa asilimia 95 ni kuanzia 14 hadi 16, mwembamba sana, na mwanafunzi anaona raha kusema "kwa hiyo hospitali yoyote itapata kati ya 14 na 16". Hapana. Waandishi wenyewe wanasema ukubwa wa matokeo ulitofautiana sana kati ya jaribio na jaribio, ingawa karibu yote yalielekea upande mmoja wa kuboreka. Mpaka mwembamba unaeleza jinsi wastani ulivyojulikana vizuri baada ya kujumlisha watu elfu ishirini na tatu na ushee. Wodi moja ya hospitali ya Bombo hapa Tanga inaweza kupata 5, nyingine 30, bila kupingana na mapitio haya.

Dhana: kupunguza antibaiotiki ni kucheza na uhai wa mgonjwa

Daktari wa zamu anapoambiwa asimamishe seftriaksoni siku ya tano wakati yeye amezoea kumi, hofu yake ni ya kweli na si ya kudharauliwa. Mapitio yanamjibu hivi: siku za dawa zilipungua kwa wastani wa 1.95 kutoka siku 11, kwenye majaribio 14, na ushahidi ni wa uhakika wa juu. Vifo vilikuwa asilimia 11 pande zote mbili, kwenye majaribio 28 yenye wagonjwa 15,827. Siku za kulazwa nazo zilipungua kwa kama siku moja.

Lakini angalia viwango vya uhakika, kwa sababu havifanani. Cha siku za dawa ni cha juu. Cha vifo na cha siku za kulazwa ni cha wastani. Kwenye semina usiseme "imethibitishwa kuwa hakuna madhara". Sema "yaelekea vifo haviongezeki". Tena ile tofauti ya sifuri imeandikwa kwa namba nzima, na chochote kilicho chini ya nusu ya asilimia huandikwa sifuri. Nusu ya asilimia ya wagonjwa 1,000 ni watu watano. Sisemi kwamba watu hao wapo. Nasema tu kwamba sifuri ya jedwalini haiwezi kuwatoa kabisa, na mhadhiri makini atauliza.

Dhana: njia bora ni kufungia dawa kabatini

Mapitio yanagawa afua katika makundi, na mawili ndiyo yanayobeba mjadala. Kuna kubana: dawa fulani haitoki stoo bila sahihi ya bingwa, au inaondolewa kwenye orodha ya hospitali. Na kuna kuwezesha: mfamasia anapita raundi, anakumbusha, anatoa ushauri, anakagua mafaili na kurudisha matokeo kwa walioandika.

Zote mbili zilifanya kazi, kila moja kwa nafasi yake. Kuwezesha kuliongeza nguvu ya kubana, na kuwezesha kwenye mrejesho kulielekea kuwa na nguvu kuliko kusiko nao. Jambo la mrejesho wanafunzi huliweka mstari wa mwisho, mimi ningelipa slaidi nzima.

Fikiria mama wa miaka 60 aliyelazwa na nimonia Ijumaa jioni, akaanzishwa seftriaksoni ya sindano. Palipo na kuwezesha, Jumapili au Jumatatu, yaani saa 48 hadi 72 tangu dozi ya kwanza, mfamasia anafungua faili akiwa na maswali machache: je, bado tunaamini ni maambukizi ya bakteria? Majibu ya kuotesha vimelea yamerudi? Homa imeshuka, anameza, tumhamishie kwenye vidonge? Na tarehe ya mwisho ya dawa imeandikwa? Baada ya mwezi, daktari anaonyeshwa ni mafaili mangapi ya wodi yake yalikuwa na tarehe hiyo. Huo ndio mrejesho.

Sasa mgeuze mama huyo: usiku anazidiwa, daktari anataka meropenemu, na mwenye kutia sahihi hapatikani kwa simu. Jaribio moja na tafiti nyingine sita zilionya juu ya jambo hili hili, matibabu kuchelewa na uaminifu kuvunjika kati ya wataalamu wa maambukizi na timu za wodi. Uhakika wa ushahidi huo ni wa chini, lakini uhakika wa chini hauna maana kwamba halitokei. Hospitali inayobana dawa iweke utaratibu wa dozi ya kwanza itoke, ruhusa ijadiliwe asubuhi.

Dhana: imeonyeshwa kuwa usugu unapungua

Hii huwa slaidi ya mwisho yenye rangi nyekundu: UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, itashuka. Mapitio hayasemi hivyo. Kwa bakteria sugu wa kundi la gramu hasi, tafiti 11 zilitoa mabadiliko ya katikati ya kushuka asilimia 12.9, lakini nusu ya kati ya matokeo ilianzia kushuka asilimia 35.3 hadi *kupanda* asilimia 25.2. Uhakika ni wa chini sana. Ukinukuu 12.9 peke yake umeficha hospitali ambako usugu ulipanda.

Dhana: matokeo haya ni ya kwetu moja kwa moja

Jumlisha mwenyewe tafiti kwa mahali zilikofanyika: Marekani Kaskazini 96, Ulaya 87, Asia 19, Amerika Kusini 8, Australia 8, Asia Mashariki 3. Zinatimia 221. Afrika haimo. Kwa hiyo kabla ya kusema "tufanye hivi Tanga", taja kilichotofautiana: maabara inayootesha vimelea inapatikana kwa kiasi gani, wafamasia ni wangapi kwa wodi ngapi, na kama dawa ya mwongozo imo stoo siku hiyo. Daktari hawezi kufuata mwongozo unaotaja dawa iliyokwisha.

Dhana: malizia na "utafiti zaidi unahitajika"

Kwa andiko hili sentensi hiyo inapingana na waandishi. Wao wanasema majaribio mengine ya kulinganisha usimamizi na kutofanya lolote hayaelekei kubadili hitimisho lao. Ukitaka kutaja pengo, yataje haya: ni aina gani ya kuwezesha na ya mrejesho inayofaa zaidi ikishindanishwa na nyingine, na madhara ya kubana dawa yapimweje. La tatu ni letu wenyewe, hospitali za Afrika. Nilimwachia binti yetu achague moja, akachagua la pili, kwa sababu ndilo angeweza kulitetea akiulizwa angepima nini: dakika kati ya daktari kuandika dawa na muuguzi kuichoma.